Kubandika kipande kutoka picha nyingine: ubadilishe rangi, uache namba, au uandae chanzo kwanza?

Umemkata mwanamitindo kutoka picha ya kamera, ukambandika kwenye bango la duka la vitenge, na uso wake umepauka papo hapo. Shati lake jeupe limebaki jeupe na vivuli viko pale pale, ila wekundu wa ngozi umepungua na kijani cha kitenge kimefifia. Hujagusa kitu chochote cha kurekebisha rangi. Picha hizo mbili zina profaili tofauti, na ulipobandika, namba zilihamia nyumba mpya zikaanza kusomwa vingine.

Kila pikseli ya RGB hubeba namba tatu, kuanzia 0 hadi 255. Namba peke yake si rangi. Profaili ndiyo inayosema nyekundu ya 140 ni nyekundu ya kiasi gani. Bango letu liko kwenye sRGB, ambayo ndiyo kawaida ya mitandao na simu nyingi. Picha ya mwanamitindo ilipigwa kamera ikiwa imewekwa Adobe RGB. Namba ya nyekundu ndani ya Adobe RGB hubeba wekundu mwingi kuliko namba hiyohiyo ndani ya sRGB: nyekundu kamili ya sRGB, yaani 255, 0, 0, ikiandikwa kwa Adobe RGB inakuwa 219, 0, 0 tu.

Tuchukue nukta moja ya shavu. Kwenye faili ya kamera inasomeka 140, 100, 80. Rangi hiyohiyo, kwa jicho lilelile, ikiandikwa kwa sRGB inakuwa karibu 154, 100, 78. Kijani hakikusogea, bluu imeshuka kidogo sana, nyekundu imepanda kwa 14. Ukibandika 140, 100, 80 kama ilivyo kwenye bango la sRGB, shavu limekosa hizo 14 za wekundu. Kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde upungufu huo unaonekana haraka, kwa sababu uhai wa ngozi hizo kwenye picha umekaa kwenye wekundu. Uso unakuwa na rangi ya majivu, na mwenye picha atakuambia amepigwa vibaya.

Kabla ya kuchagua dawa, hakikisha ugonjwa ni huu. Tazama kitu cheupe au cha kijivu kwenye kipande ulichobandika. Kwenye sRGB, Adobe RGB na Display P3, nyekundu, kijani na bluu zikilingana, matokeo ni kijivu kisicho na rangi. Kwa hiyo tatizo la profaili huacha vyeupe na vijivu vyake salama na kugeuza vitu vyenye rangi. Shati jeupe likiwa limeingia unjano au ubuluu, hilo ni suala la mwanga uliopigia picha, na hakuna njia kati ya hizi tatu itakayolitibu. Mwelekeo nao unasema mengi. Rangi zikipauka, kuna namba za profaili pana, yaani yenye nafasi ya rangi nyingi kuliko sRGB kama Adobe RGB na Display P3, zilizoingia kwenye sRGB. Zikikolea kupita kiasi, nyuso zikawa za chungwa na nyekundu zikawaka, namba za sRGB zimeingia kwenye profaili pana.

Vigezo

Ninalinganisha njia tatu kwa maswali manne. Njia inalinda nini, mwonekano au namba? Inakutaka ujue nini kuhusu faili kabla ya kubandika? Inaharibikia wapi, na utaonaje? Na inamfaa nani? Nitatumia majina ya menyu ya Photoshop kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye meza za wabunifu wengi, lakini kazi zenyewe zipo kwenye programu nyingine pia. Kwenye GIMP 2.10, kwa mfano, kupachika na kubadilisha profaili viko chini ya `Image > Color Management`.

Jambo moja la maandalizi linahusu njia zote. Fungua `Edit > Color Settings` na utie alama kwenye `Ask When Pasting`, kwenye mstari wa `Profile Mismatches`. Bila alama hiyo Photoshop huamua kimya kimya kufuatana na sera iliyowekwa hapo juu yake, nawe unaona matokeo tu. Sera ikiwa `Preserve Embedded Profiles`, vipande vya RGB hubadilishwa ili mwonekano ubaki, na vya CMYK, yaani vya rangi za wino wa kuchapa, huachiwa namba zake. Sera ikiwa `Off`, namba huhama kama zilivyo. Kompyuta za ofisi zinazotumiwa na watu wengi mara nyingi zina mpangilio ambao hakuna anayekumbuka aliuweka nani, na ndiyo maana kazi ileile hutoka vizuri kwenye mashine moja na kupauka kwenye nyingine.

Njia ya kwanza: kubadilisha wakati wa kubandika

Unanakili, unabandika, kisanduku kinatokea kukuambia profaili hazilingani, nawe unachagua `Convert`.

*Inalinda nini.* Mwonekano. Programu inasoma 140, 100, 80 kwa macho ya Adobe RGB, inatafuta rangi hiyo ndani ya sRGB, na kuandika 154, 100, 78. Fungua `Window > Info`, pitisha kielekezi juu ya shavu kabla na baada ya kubandika, utaona namba zimegeuka na uso umebaki vilevile. Mgeni wa kazi hii hushtuka akiona namba zimebadilika. Hakuna kilichoharibika, kubadilika huko ndiko kulikookoa rangi.

*Inakutaka ujue nini.* Karibu hakuna, mradi faili zote mbili zimebeba profaili za kweli. Hilo ndilo sharti lake pekee, na ni sharti zito. Kubadilisha ni kutafsiri kutoka profaili iliyoandikwa kwenye faili. Iliyoandikwa ikiwa ya uongo, tafsiri nayo itakuwa ya uongo.

*Inaharibikia wapi.* Pa kwanza ni kwenye rangi zilizokolea ambazo sRGB haina. Chukua kijani cha kitenge kinachosomeka 60, 180, 70 kwenye Adobe RGB. Kukiandika kwa sRGB kungehitaji nyekundu iliyo chini ya sifuri. Namba hiyo haipo, basi programu inaandika 0. Kila pikseli ya eneo hilo iliyohitaji kushuka chini ya sifuri inarundikwa kwenye 0 hiyohiyo, na tofauti ndogondogo kati ya uzi na uzi zinapungua. Utaona kwa kufungua `Channels` na kutazama nyekundu peke yake: mahali palipokuwa na ufumaji pamekuwa doa jeusi lililolala. Kuchagua mbinu ya kutafsiri ya `Perceptual` badala ya `Relative Colorimetric` hakusaidii hapa, maana profaili za kawaida za RGB kama hizi hazibebi jedwali la kubana rangi kwa upole. Zinakata tu kwenye ukingo.

Pa pili ni kwenye ubao wa kunakilia wa kompyuta. Ukinakili picha moja kwa moja kutoka kivinjari au programu nyingine, mara nyingi namba tu ndizo zinazosafiri na profaili inabaki nyuma. Kisanduku hakitokei kabisa. Dawa yake ni kuhifadhi picha kama faili, kisha kuifungua, au kuiingiza kwa `File > Place Embedded`. Picha iliyoingizwa hivyo hubaki na profaili yake ndani ya leya, na programu huitafsiri yenyewe kwa ajili ya bango. Naipenda njia hiyo kwa vipande ambavyo najua mteja atataka vibadilishwe baadaye, kwa sababu ukibofya leya mara mbili unaikuta picha asili na rangi zake zote, hata zile ambazo sRGB ingezikata.

*Inamfaa nani.* Mpiga picha na mbunifu anayefanya kazi na nyuso, vyakula, mandhari, nguo, yaani vitu ambavyo jicho huvikubali au kuvikataa kwa jinsi vinavyoonekana. Inafaa pia picha za simu. iPhone tangu iPhone 7 hupiga kwa Display P3, ambayo ni pana kuliko sRGB, na huiandika profaili hiyo kwenye faili. Vilevile picha ya skrini iliyopigwa kwenye Mac hubeba profaili ya skrini yenyewe, na kuibadilisha ndiyo njia ya kuirudisha karibu na rangi ulizoziona.

Njia ya pili: kuacha namba kama zilivyo

Kisanduku kilekile, safari hii unachagua `Don't Convert`.

*Inalinda nini.* Namba. Kilichoandikwa 206, 17, 38 kitabaki 206, 17, 38. Rangi itakayoonekana itategemea profaili ya bango.

*Inakutaka ujue nini.* Mengi. Lazima uwe na sababu ya kuamini kwamba namba ndizo zenye ukweli na si mwonekano. Tuseme mwenye duka ana nembo nyekundu, na mwongozo wake unasema 206, 17, 38 katika sRGB. Faili uliyopewa ina namba hizohizo, lakini mtu fulani katika safari yake aliihifadhi ikiwa na Adobe RGB. Kwenye skrini nembo hiyo inaonekana imewaka kupita kiasi, ingawa namba zake ni sahihi. Ukiibandika kwenye bango la sRGB kwa `Convert`, programu itaamini ule mwako, na utapata karibu 240, 9, 34. Ukiacha namba, nembo inarudi kuwa 206, 17, 38 ndani ya sRGB, kama mwongozo unavyotaka. Hapa mwonekano ndio uliodanganya.

Geuza hali uone upande wa pili. Nembo iko sawa kwenye sRGB, ila bango ndilo liko kwenye Adobe RGB. Sasa kuacha namba ndiko kunakoiwasha, na kubadilisha ndiko sahihi: itaandikwa karibu 176, 24, 42 na kuonekana ileile. Mteja akipima kwa kidonezi cha rangi ndani ya faili hiyo ya kazi atalalamika kwamba namba si zake. Mwonyeshe nakala iliyotolewa kwa sRGB. Humo namba zitakuwa zimerudi, labda kwa tofauti ya moja au mbili kutokana na kukadiria.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye ngozi, kama tulivyoona kwa shavu. Ubaya wake ni kwamba uharibifu ni wa kadiri. Ungekuwa mkubwa, kila mtu angeuona. Kumi na nne za nyekundu ni kiasi ambacho jicho lililochoka saa tano usiku hukikubali, kisha asubuhi mtu anaanza kuongeza wekundu kwa `Curves` ili kufidia. Marekebisho hayo hayafuti kosa. Yanapandisha nyekundu kila mahali, hata kwenye shati jeupe na kijivu ambavyo havikuwa na shida, na sasa una matatizo mawili.

*Inamfaa nani.* Anayeandaa kazi ya kiwandani kwa CMYK ndiye anayeihitaji zaidi. Maandishi na mistari myembamba ya bango huchapwa kwa wino mweusi peke yake: C 0, M 0, Y 0, K 100. Ukibandika kipande hicho kati ya faili mbili za CMYK zenye profaili tofauti, tuseme U.S. Web Coated (SWOP) v2 na Coated FOGRA39, kisha ukachagua `Convert`, weusi huo unagawanywa kuwa mchanganyiko wa wino zote nne. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote. Kwenye karatasi, sahani nne za mtambo wa kuchapa zikipishana hata kidogo, kila herufi ndogo inapata kivuli cha rangi pembeni. Pima kwa `Info`: ulichotarajia kisome K 100 kikionyesha namba kwenye C, M na Y, rudi nyuma ubandike upya. Watu wengine wanaofaidika ni wanaotengeneza michezo ya kompyuta, ambao picha zao nyingine si rangi bali ni vipimo. Ramani ya mwelekeo wa uso, ambayo mahali tambarare husomeka 128, 128, 255, haitakiwi kutafsiriwa kamwe.

Njia ya tatu: kuandaa chanzo kabla ya kubandika

Hii ni ya wakati ambapo hujui faili imetoka wapi, au haina profaili kabisa. Ina hatua mbili ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. `Edit > Assign Profile` huacha namba na kubadilisha maana yake, kwa hiyo picha inabadilika mbele ya macho. `Edit > Convert to Profile` hubadilisha namba ili kulinda maana, kwa hiyo picha haitakiwi kubadilika, isipokuwa zile rangi zilizokolea zisizoingia. Ya kwanza ni ya kusema ukweli kuhusu faili. Ya pili ni ya kuihamisha. Daima ya kwanza ndiyo inayotangulia.

*Inalinda nini.* Mwonekano, kama njia ya kwanza, lakini baada ya kuthibitisha kwamba mwonekano wenyewe ni wa kweli.

*Inakutaka ujue nini.* Asili ya faili, au angalau njia ya kuitafuta. Kamera nyingine zikiwekwa Adobe RGB haziweki profaili ndani ya JPEG. Zinaacha alama tu: jina la faili huanza na mstari wa chini, kwa mfano `_DSC0412.JPG`, na maelezo ya Exif, yaani yale ambayo kamera huyaandika ndani ya faili, yana neno lililojificha kidogo. Ukiwa na programu ya exiftool, andika hivi:

```
exiftool -ColorSpace -InteropIndex -ProfileDescription picha.jpg
```

Ikileta `R03` kwenye InteropIndex, picha ni ya Adobe RGB hata kama ProfileDescription haikutokea. Ikileta `R98`, ni sRGB. Picha iliyopita mikononi mwa watu wengi na programu za kutumiana ujumbe huenda isilete chochote, maana maelezo yote yamefutwa njiani. Hapo unabaki na jicho. Fungua `Assign Profile`, washa `Preview`, jaribu sRGB, kisha Display P3, kisha Adobe RGB, ukitazama kitu unachokijua rangi yake: ngozi ya mtu, chungwa, kopo la soda. Kinachoonekana cha kweli ndicho cha kupachika. Kama hakuna kinachokushawishi, chukua sRGB. Faili nyingi zisizo na maelezo zilitoka huko.

Ukishapachika, nenda `Convert to Profile`, chagua profaili ya bango, kubali, kisha ndipo unakili na kubandika. Kisanduku hakitatokea, kwa kuwa profaili sasa zinalingana. Fanya yote haya kwenye nakala ya faili.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye mpangilio wa hatua. Mtu akitumia `Assign Profile` ya sRGB kwenye picha ya Adobe RGB akidhani anaihamisha, ameipausha, na akihifadhi, kosa limeandikwa kwenye faili kama ukweli. Atakayefuata hatakuwa na alama ya kumwonyesha. Ya pili ni muda: kwa kipande kimoja ni dakika chache, kwa bango lenye picha za wahitimu wote wa darasa ni kazi ya jioni nzima, ingawa `Actions` hupunguza mzigo kama faili zote zimetoka kamera moja.

*Inamfaa nani.* Mbunifu anayepokea picha kutoka kwa kila mtu: kamati ya harusi, kwaya, shule, ofisi ya kampeni. Na yeyote anayekabidhi faili kwa mwingine, kwa sababu kipande kilichoandaliwa hivi hakitegemei mpangilio wa mashine itakayokipokea.

Kuchagua kwa hali yako

Bango la mitandaoni, bango lenyewe liko sRGB, na kipande ni mtu au bidhaa kutoka faili yenye profaili inayoaminika: badilisha wakati wa kubandika. Kitenge chenye rangi zilizokolea sana kikipoteza ufumaji, kiingize kwa `Place Embedded` na upunguze ukolezi wa leya yenyewe ndani ya faili yake pana kabla haijatafsiriwa, mpaka ufumaji urudi.

Nembo yenye namba zilizoandikwa kwenye mwongozo: linganisha kwanza namba za faili na za mwongozo. Zikifanana na profaili ya faili ikafanana na inayotajwa na mwongozo, badilisha. Zikifanana na profaili ikawa ngeni, acha namba, mradi bango liko kwenye profaili ya mwongozo. Bango likiwa kwenye profaili nyingine, pachika ile ya mwongozo kwenye nakala ya nembo kwanza, halafu badilisha.

Kazi ya kuchapwa, vipande vya CMYK vyenye maandishi au weusi mtupu: acha namba, na upime K kwa `Info` kabla ya kupeleka. Picha za watu za RGB zinazoingia kwenye kazi hiyohiyo zinahitaji kubadilishwa, kwa profaili ambayo mchapaji wako amekutajia. Muulize mapema, karatasi ya kung'aa na karatasi ya kawaida hazitumii profaili moja.

Picha uliyotumiwa bila maelezo yoyote: andaa chanzo. Na kama aliyekutumia bado ana simu au kamera iliyoipiga, mwombe faili asili aitume kama hati badala ya picha. Mara nyingi hiyo peke yake inarudisha profaili, na unaweza kurudi kwenye njia ya kwanza.

Ukiwa kazi umeshaifanya na uso umeshapauka, usianze kufidia kwa mkono. Futa leya hiyo, rudi kwenye faili ya kamera, na ubandike tena ukiwa umechagua `Convert`. Kama leya tayari ina mask na kivuli ulichokihangaikia, bandika kipande kipya juu yake, kilinganishe kikae mahali palepale, kisha buruta mask huku umeshikilia `Alt`, au `Option` kwenye Mac, kuinakili kwenye leya mpya.